Lifti Ikianza Kupanda, Mizani Hupima Nini?

Chukua mizani ya kukanyaga, ile ya zamani yenye springi na sindano, uingie nayo kwenye lifti ya jengo refu. Iweke sakafuni, panda juu yake, simama wima bila kushika ukuta, kisha mwombe mwenzako abonyeze ghorofa ya juu. Kabla lifti haijaondoka sindano imesimama kwenye kilo 60, tuseme. Lifti inapong'oka, sindano inapanda hadi 66, inakaa hapo sekunde moja au mbili, halafu inarudi 60 na kutulia wakati lifti ingali inapanda. Unapokaribia ghorofa unayokwenda, inateremka hadi 54 hivi. Mlango ukifunguka, imesharudi 60.

Mwili ulioingia ndio uliotoka. Dunia nayo haikuongeza wala kupunguza mvutano wake katika robo dakika ile. Hata hivyo mizani haikukosea hata mara moja katika safari yote. Ilisoma sawasawa kile ilichotengenezwa kukisoma, na tatizo ni kwamba wengi wetu hatujawahi kujiuliza kitu hicho ni nini hasa.

Mizani ya springi haina habari yoyote na dunia. Inachojua ni kubinywa tu. Nyayo zinaikandamiza kutoka juu, sakafu inaishikilia kutoka chini, springi inafupika kidogo, na kufupika huko kunageuzwa kuwa namba. Kwa hiyo inapima ukubwa wa kusukumana kati ya nyayo zako na kile ulichokanyaga. Ukilitazama jambo hili kutoka upande wako, ni nguvu ambayo sakafu inakusukumia juu. Katika fizikia nguvu ya kusukuma au kuvuta huitwa kani, na kani hii ya sakafu huandikwa kwa herufi N karibu katika kila kitabu cha shule. Daima husukuma kwa pembe mraba na uso uliokanyagwa, na kwenye sakafu tambarare maana yake ni kwamba inasukuma juu, wima.

Uzito ni kitu kingine kabisa. Uzito ni kani ya dunia inayokuvuta chini. Mtu mwenye tungamo la kilo 60, mahali ambapo mvutano wa dunia ni nyutoni 9.8 kwa kila kilo, anavutwa kwa nyutoni 588. Kani hiyo inatoka kwenye dunia nzima, milima na bahari na miamba iliyo chini kabisa, na inashika kila chembe ya mwili wako bila kuhitaji kukugusa. Kani ya sakafu inatoka kwenye vigae, mbao au bati la chuma lililo chini ya nyayo, na bila kugusana haipo.

Hizi basi ni kani mbili zenye asili mbili, na hakuna sheria yoyote ya maumbile inayosema lazima zilingane. Zinalingana mara nyingi sana, kwa sababu muda mwingi wa maisha yetu tunakaa kwenye vitu visivyobadili mwendo wake kwenda juu wala chini: sebuleni, ofisini, sokoni. Kulingana huko tumekuzoea mno kiasi cha kukuona ni kanuni. Ukweli ni kwamba ni tokeo la hali moja maalumu, na lifti inapong'oka hali hiyo inavunjika.

Sheria inayotawala hapa ni ya pili katika zile tatu alizozichapisha Isaac Newton mwaka 1687. Inasema kwamba ukijumlisha kani zote zinazokishika kitu, ukizingatia na mwelekeo wake, jibu utakalopata ni tungamo la kitu hicho mara mchapuko wake, yaani kiasi ambacho mwendo wake unabadilika kila sekunde. Kwa abiria wa lifti kani ni mbili tu, sakafu inayosukuma juu na dunia inayovuta chini. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayombadilishia mwendo. Zikiwa sawa, mwendo haubadiliki. Mwendo ukibadilika, haziwezi kuwa sawa.

Tuifuate safari moja kwa hesabu. Lifti inapanda mita 30, karibu ghorofa kumi. Inapoanza, mwendo wake unaongezeka kwa mita 1 kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya sekunde 2 imefikia mwendo wake wa kawaida, mita 2 kwa sekunde, na katika muda huo imepanda mita 2. Inaendelea hivyohivyo kwa sekunde 13, ikipanda mita 26. Kisha inapunguza mwendo kwa kiwango kilekile, sekunde 2 na mita 2 za mwisho, na kusimama. Jumla ni sekunde 17.

Katika zile sekunde 2 za mwanzo abiria wetu wa kilo 60 alikuwa amesimama tuli, na sasa anatakiwa apande pamoja na lifti. Kitu cha kumpandisha kiko wapi? Dunia haimsaidii, inamvuta chini kwa nyutoni zake 588 kama kawaida. Kamba za lifti zimefungwa kwenye kibanda, wala hazimgusi yeye. Kilichobaki ni sakafu. Kwa hiyo sakafu inalazimika kufanya kazi mbili kwa pamoja: kubeba nyutoni 588 za uzito, na kuongeza juu yake nyutoni 60, yaani kilo 60 mara mchapuko wa 1, za kumwongezea mwendo. Jumla ni nyutoni 648. Kwa herufi, N = m(g + a), ambapo m ni tungamo, g ni ile 9.8, na a ni mchapuko wa kwenda juu.

Mizani imechorwa kwa kilo, si kwa nyutoni, maana aliyeitengeneza alikusudia itumike sebuleni. Huchukua kani inayoibinya, ikaigawanya kwa 9.8, ikakuonyesha jibu. Nyutoni 648 kwa 9.8 ni kilo 66.1. Hizo ndizo kilo 6 zilizozuka. Ni msukumo halisi uliotafsiriwa kwa kipimo kisichofaa mahali pale.

Katika sekunde 13 za katikati mwendo haubadiliki. Mchapuko ni sifuri, kani mbili zinalingana, na mizani inasoma 60. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo naomba tukae kidogo. Lifti ingali inapanda, tena kwa mwendo wake mkubwa kuliko wote wa safari hiyo, na bado sakafu inasukuma kwa kiasi kilekile ilichokuwa ikisukuma mlango ulipokuwa wazi. Kupanda kwenyewe hakuongezi chochote. Lifti za watalii katika jengo la Burj Khalifa, Dubai, hupanda mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa, na mwendo huo ukishatulia mizani ingesoma namba ileile ya nyumbani. Kinachohesabika ni mabadiliko ya mwendo. Lifti ya namna hiyo ikichapuka kwa mita 1 tu kwa sekunde kila sekunde, itatumia sekunde 10 kufikia mwendo wake, na abiria ataelemewa na nyutoni zilezile 60 za ziada kama wa jengo letu la ghorofa kumi. Tofauti ni kwamba zitamkalia kwa muda mrefu zaidi.

Mwishoni lifti inapunguza mwendo huku ikiendelea kupanda. Abiria naye lazima apunguze, na wa kumpunguzia sasa ni dunia, ambayo iko palepale ikimvuta chini. Sakafu inaiachia dunia nafasi kwa kusukuma pungufu: 588 kutoa 60, yaani nyutoni 528. Mizani inasoma kilo 53.9.

Safari ya kuteremka inapindua mambo, na ndiyo njia nzuri ya kujua kama mtu ameelewa. Lifti inapoanza kushuka, mizani inapungua. Inapokaribia chini na kufunga breki, inaongezeka, kwa sababu kupunguza mwendo wa kushuka ni sawa na kusukumwa kwenda juu. Mtu aliyefumbwa macho hawezi kupambanua kwa miguu yake kati ya lifti inayong'oka kwenda juu na lifti inayosimama kutoka juu. Katika hali zote mbili mchapuko umeelekea juu, na sakafu inasukuma kwa nyutoni 648.

Kuna jambo moja zuri katika namba hizi ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Chukua kani ya sakafu kwa safari nzima ya kupanda, uizidishe kwa muda wake, ugawe kwa sekunde 17 ili upate wastani. Jibu ni nyutoni 588 kamili. Ziada ya nyutoni 60 kwa sekunde 2 za mwanzo imerudishwa na pungufu ya nyutoni 60 kwa sekunde 2 za mwisho. Haikutokea kwa bahati ya namba nilizochagua. Mtu aliyeanza safari amesimama na akaimaliza amesimama, lazima wastani wa kani ya sakafu ulingane na uzito wake, hata lifti iwe ya kisasa au ya kurukaruka namna gani. Kani ya sakafu inaweza kupishana na uzito, lakini kwa safari inayoanza na kuishia kwenye utulivu haiwezi kuuzidi bila kuja kulipa baadaye.

Sasa turudi kwenye kosa lenyewe, kwa maana lina mizizi. Mwulize kijana wa kidato kwa nini kani ya sakafu ni sawa na uzito, na mara nyingi atakujibu bila kusita: sheria ya tatu ya Newton, kila kani ina mwenzake, sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo. Jibu linavutia kwa sababu kani mbili hizo kweli ziko kinyume, na mara nyingi ziko sawa. Lakini si sahihi, na lifti ndiyo inayoliumbua.

Sheria ya tatu inahusu vitu viwili vinavyoshikana: cha kwanza kikikisukuma cha pili, cha pili kinakisukuma cha kwanza kwa kiasi hichohicho. Dunia inakuvuta wewe, na mwenzake wa kani hiyo ni wewe kuivuta dunia, naam, kwa nyutoni 588, ingawa dunia ni kubwa mno kiasi kwamba haitikisiki kwa kiwango cha kupimika. Sakafu inakusukuma wewe juu, na mwenzake ni nyayo zako kuisukuma sakafu chini. Hizo ni jozi mbili. Uzito wako na kani ya sakafu vyote vinakushika wewe mmoja, kwa hiyo haviwezi kuwa jozi ya sheria ya tatu hata siku moja.

Angalia zile sekunde 2 za mwanzo. Sakafu inakusukuma kwa 648, nawe unaisukuma sakafu kwa 648, hivyo sheria ya tatu iko imara. Dunia inakuvuta kwa 588, nawe unaivuta dunia kwa 588, na sheria bado iko imara. Lakini 648 si 588. Kama usawa wa N na uzito ungekuwa unatokana na sheria ya tatu, ungedumu mahali popote na wakati wowote, kwa sababu sheria hiyo haina likizo. Usawa huo unatoka kwenye sheria ya pili, na unakuja pale tu mchapuko unapokuwa sifuri.

Hapo linazuka swali ambalo naliheshimu sana, kwa sababu mtu mwenye akili lazima aulize: sakafu inajuaje isukume kiasi gani? Haina akili wala kipimo. Inawezaje kutoa 588, kisha 648, kisha 528, bila kukosea?

Haijui. Inabonyea tu. Lala kwenye godoro na utaona linadidimia mpaka kiasi fulani, kisha linasimama. Limebonyea hadi pale ambapo msukumo wake wa kurudi juu umetosha kukubeba. Akiongezeka mtu wa pili, litabonyea zaidi na kusukuma zaidi. Bati la chuma, zege na vigae vyote hufanya hivyohivyo, ila kubonyea kwake ni kudogo mno kuonekana kwa macho. Chembe za chuma zimeshikana kwa mafundo yanayofanya kazi kama springi ngumu sana. Ukizisogeza karibu kidogo, zinasukumana.

Basi tazama kwa karibu papo lifti inapong'oka. Kamba zinavuta kibanda, sakafu inaanza kusogea juu. Mwili wako bado haujapata habari. Nyayo zako, soli ya viatu na bati la sakafu vinazidi kubanana, kwa sababu sakafu inakuja juu nawe hujaanza kwenda. Kadiri vinavyobanana, ndivyo msukumo unavyoongezeka kutoka 588. Unapofika 648 sasa mwili unapata mwendo kwa kasi ileile sakafu inavyoupata, na kubanana hakuongezeki tena. Kama lifti ingechapuka kwa nguvu zaidi, kubanana kungeendelea hadi kwenye kani kubwa zaidi. Sakafu haichagui namba. Namba inazaliwa na kubanana kwenyewe, hadi nyayo na sakafu ziwe zinakwenda pamoja. Hii pia ndiyo sababu kani ya sakafu ina mwisho: ubao uliooza hufika kikomo cha kubonyea kwake na kuvunjika kabla haujafikia kani inayohitajika.

Mafundi wa lifti nao huizingatia ziada hii, maana kinachompata abiria ndicho kinachokipata kibanda. Kibanda na abiria wake wakiwa na jumla ya kilo 1800, kamba hukishikilia kikiwa kimesimama kwa nyutoni 17,640, lakini kikichapuka kwenda juu kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, lazima zivute kwa nyutoni 19,440. Kwa bahati njema kamba hazichaguliwi kwa kubahatisha. Viwango vya Ulaya hutaka lifti inayoning'inia kwa kamba za chuma tatu au zaidi iwe na kamba zenye uwezo usiopungua mara 12 ya mzigo uliokadiriwa, na nyongeza ya mchapuko inamezwa ndani ya akiba hiyo. Kile kibao ukutani kinachosema watu 13 au kilo 1000 kinamhesabu kila mtu kuwa na kilo 75, na kengele ya kuzidisha mzigo huamua kabla lifti haijaondoka. Ingekuwa inapima njiani, ingeona kilo 66 kwa mtu wa kilo 60 na kupiga kelele bila sababu.

Ukitaka kulijaribu jambo hili mwenyewe, angalia aina ya mizani unayochukua. Mizani nyingi za kisasa zenye namba za umeme husubiri mwili utulie, zikaifunga namba moja na kuishikilia hata kama kani imeshabadilika. Ukipanda nayo kwenye lifti itakuonyesha 60 safari nzima, au itagoma kabisa, nawe utadhani fizikia imedanganya. Inayofaa ni ya sindano. Tarajia pia kwamba sindano haitaruka mara moja hadi 66 na kuganda. Lifti nzuri huongeza mchapuko wake polepole ili isiwakere abiria, kwa hiyo sindano itapanda, itacheza kidogo, kisha itateremka.

Usichukue mizani ya mawe, ile ya sokoni yenye sahani mbili. Hiyo haitakuonyesha kitu, na sababu yake inafundisha. Weka kilo moja ya sukari upande mmoja na jiwe la kilo moja upande wa pili. Lifti ikichapuka kwenda juu, sahani ya sukari inasukuma kwa nyutoni 10.8 badala ya 9.8, na sahani ya jiwe vilevile 10.8. Mhimili unabaki umelala sawa. Mizani ya mawe hulinganisha tungamo kwa tungamo, na lifti inazitendea pande zote mbili haki moja. Mizani ya springi hupima kani. Sebuleni zinakubaliana, kwenye lifti zinaachana, na zote mbili ni za kweli.

Hata bila mizani, simu yako inatosha. Ndani ya simu janja nyingi kuna kipimo kidogo cha mchapuko, na programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha Aachen nchini Ujerumani, huchora grafu ya kile kinachopimwa. Chagua kipimo kinachojumlisha mvutano wa dunia, ilaze simu sakafuni, kisha panda lifti. Simu ikiwa imetulia kabisa haionyeshi sifuri, inaonyesha karibu 9.8. Wengi hushangaa: kitu kisichosogea kina mchapuko gani? Jibu ni kwamba kipimo kile, kama mizani ya springi, hakiwezi kuhisi mvutano wa dunia. Kinachohisi ni sakafu inavyoisukuma simu, kwa kila kilo ya tungamo lake. Lifti ikianza kupanda utaona mstari ukipanda hadi 10.8 au karibu na hapo, ukishuka 9.8, kisha ukizama chini yake mwishoni. Ni ile grafu ya sindano, safi zaidi.

Mwili wa binadamu uko hivyohivyo. Hatuhisi mvutano wa dunia hata kidogo, kwa sababu unavuta kila chembe kwa pamoja na hakuna kinachobanana. Tunachokihisi ni kuzuiwa: nyayo zikikandamizwa, magoti yakibeba kiwiliwili, matumbo yakining'inia kwenye tishu zinazoyashikilia. Katika sikio la ndani kuna vijiwe vidogo vya chokaa vilivyolazwa juu ya vinyweleo vya neva, na vinyweleo hivyo hupinda kulingana na jinsi vijiwe vinavyokandamiza. Lifti ikichapuka kwenda juu, vijiwe vinakandamiza zaidi, na ubongo unapokea taarifa ileile ambayo sindano inaitoa. Kwa hiyo abiria anayesema amejisikia mzito hadanganyi wala hakosei. Vitabu vingine huita hali hii uzito wa dhahiri, na kwa hesabu ni kani N tu.

Twende sasa upande wa pili hadi mwisho. Lifti ikichapuka kwenda chini kwa 9.8 kamili, yaani ikianguka bila kuzuiwa na chochote, hesabu inatoa N = 60 × (9.8 − 9.8), ambayo ni sifuri. Uzito bado ni nyutoni 588, dunia inavuta kama kawaida, lakini sakafu haisukumi kitu na sindano iko kwenye sifuri. Huko Bremen, Ujerumani, kuna mnara wa mita 146 uliojengwa kwa ajili ya hali hii hasa. Kidonge chenye vifaa vya utafiti hudondoshwa ndani ya bomba lililotolewa hewa, kikaanguka takriban mita 110 kwa sekunde 4.7, na katika muda huo vilivyomo ndani yake vinaelea. Wanaanga wa kituo cha anga za juu cha kimataifa wako katika hali hiyohiyo kwa miezi. Kwenye kimo cha kilomita 400 hivi mvutano wa dunia ungali karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja kuizunguka dunia, na sakafu haina nafasi ya kuwasukuma. Mwaka 1907, akiwa bado karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, Albert Einstein aliliwaza jambo hili, kwamba anayeanguka hauhisi uzito wake, na kutoka hapo akaanza njia iliyomfikisha kwenye nadharia yake ya mvutano.

Huenda msomaji akasema sawa, kwenye lifti, kwenye minara na angani usawa unavunjika, lakini ardhini angalau N ni sawa kabisa na mvutano. Karibu, si kabisa. Simama Nanyuki, pale Ikweta inapokatiza, mahali ambapo watalii huonyeshwa maji yakizunguka kwenye karai upande huu na ule wa mstari. Maji yale hayathibitishi chochote, kwa sababu athari ya mzunguko wa dunia katika hatua chache kutoka Ikweta ni ndogo mno kuyaamuru. Lakini chini ya nyayo zako kuna athari iliyo kweli. Dunia inakuzungusha mara moja kwa siku, na kila kinachozungushwa kina mchapuko unaoelekea katikati ya mzunguko, ambako kwa aliye Ikweta ni chini, kuelekea kitovu cha dunia. Ukubwa wake ni mita 0.034 kwa sekunde kila sekunde. Kwa hesabu yetu ileile, uko ndani ya lifti inayoanza kushuka polepole bila kuacha. Ardhi ya Nanyuki inamsukuma mtu wa kilo 60 kwa nyutoni 2 pungufu ya kani ambayo dunia inamvutia, sawa na gramu 200 hivi kwenye mizani, na ile g inayopimwa Ikweta, karibu 9.78, tayari imeshakatwa kiasi hicho. Pungufu hiyo inaendelea kupungua kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini, na mahali pekee duniani ambapo mzunguko wa dunia hauitenganishi kani ya ardhi na mvutano ni kwenye ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini.